Bei Rejea ya Dhahabu ya London: Namna Mnada wa Mara Mbili kwa Siku Unavyopanga Bei na Sababu za Mikataba Kuirejelea

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna bei rejea ya dhahabu inavyopatikana jijini London kupitia mnada unaofanyika mara mbili kwa siku, na sababu zinazofanya mikataba ya kuuza na kununua dhahabu iirejelee bei hiyo badala ya bei inayobadilika sokoni kila sekunde. Hoja kuu ni kwamba bei hii huaminika kwa sababu mbili zinazokwenda pamoja: hutokana na biashara halisi inayofanyika kwa kanuni zinazojulikana kabla, na mhusika yeyote wa mkataba anaweza kununua au kuuza kwa bei hiyo hiyo. Hata hivyo, jambo linaloipa nguvu, yaani kuwa namba moja inayopangwa kwa wakati mmoja, ndilo linaloifanya iwe shabaha ya udanganyifu na chanzo cha migogoro pale mkataba usipoitaja kikamilifu. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa mfano wa mzigo wa dhahabu kutoka Kanda ya Ziwa nchini Tanzania na kwa tukio la mnada wa tarehe 28 Juni 2012.

1.0 Utangulizi

Dhahabu haina bei moja. Katika masoko makubwa ya dunia hununuliwa na kuuzwa karibu saa zote za siku za kazi, na katika kila dakika huwapo bei ya anayetaka kununua na bei ya anayetaka kuuza, ambazo hazilingani. Kwa mfanyabiashara anayekaa mbele ya skrini hali hiyo haina tatizo. Tatizo huwapata watu wawili waliokubaliana leo kwamba mmoja atampa mwenzake dhahabu baada ya wiki tatu, kwa bei itakayokuwa sokoni wakati huo. Siku hiyo itakapofika, muuzaji anaweza kuonyesha bei ya juu kabisa iliyoonekana siku nzima, naye mnunuzi akaonyesha ya chini kabisa, na wote wawili wakawa wamesema kweli.

Ili mkataba wa namna hiyo utekelezeke, pande mbili huhitaji namba moja ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeitunga. Katika biashara ya dhahabu, namba hiyo kwa kawaida ni bei ya mnada wa London, ambayo leo hutangazwa kwa jina la LBMA Gold Price. Kifupisho LBMA ni cha chama cha wafanyabiashara wa madini ya thamani jijini London, ambacho ndicho mmiliki wa bei hiyo. Uendeshaji wa mnada umekabidhiwa kwa msimamizi anayejitegemea, IBA, kampuni iliyo chini ya kundi la Intercontinental Exchange.

2.0 Chimbuko la Mnada wa Mara Mbili kwa Siku

Bei ya pamoja ya dhahabu jijini London ilipangwa kwa mara ya kwanza tarehe 12 Septemba 1919. Kwa miaka mingi wawakilishi wa makampuni matano walikutana katika ofisi za benki ya Rothschild. Mwenyekiti alitaja bei, na kila mmoja akasema kama wateja wake walikuwa wanunuzi au wauzaji kwa bei hiyo, na kwa mikuo mingapi. Aliyetaka muda wa kuwasiliana na wateja wake aliinua bendera ndogo iliyokuwa mezani, na bei haikuweza kutangazwa mpaka bendera zote ziwe zimeshushwa. Bei ilipandishwa au kushushwa hadi tofauti kati ya mikuo iliyotakiwa na iliyotolewa ilipopungua vya kutosha.

Hadi mwaka 1968 kikao kilikuwa kimoja tu kwa siku. Machi mwaka huo, mpango wa benki kuu wa kuishikilia bei ya dhahabu katika dola 35 kwa wakia ulivunjika, na soko la London likafungwa kwa wiki mbili. Lilipofunguliwa tena tarehe 1 Aprili, bei ilianza kutajwa kwa dola ya Marekani, na kikao cha pili kiliongezwa saa 9:00 alasiri ili kuwahusisha wafanyabiashara wa Marekani, ambao asubuhi yao huanza wakati London inaelekea jioni. Hiyo ndiyo asili ya mnada wa mara mbili. Si kwamba bei ya alasiri husahihisha ya asubuhi. Kila mmoja ni mnada kamili, wenye washiriki na mazingira yake.

Mwaka 2004 Rothschild ilijitoa, na vikao vikahamia kwenye simu. Utaratibu huo ulidumu hadi tarehe 19 Machi 2015. Siku iliyofuata mnada wa kielektroniki ulianza, na ndio unaotumika hadi leo, saa 4:30 asubuhi na saa 9:00 alasiri kwa saa za London.

3.0 Namna Bei Inavyopangwa

3.1 Bidhaa inayopigwa mnada

Kinachouzwa katika mnada si mkuo fulani uliowekwa mezani. Ni dhahabu iliyoko katika mfumo wa benki za London, inayohesabiwa kwa wakia za troi za dhahabu halisi, na ambayo makabidhiano yake hukamilika baada ya siku mbili za kazi. Wakia moja ya troi ni gramu 31.1034768. Nyuma ya mfumo huo kuna mikuo mikubwa inayokidhi viwango vya LBMA, yenye uzito wa kati ya wakia 350 na 430 na usafi usiopungua sehemu 995 kati ya 1,000. Kwa hiyo bei ya mnada ni bei ya dhahabu halisi iliyoko London. Dhahabu iliyoko mahali pengine, au ambayo bado ina fedha na shaba ndani yake, haina budi kufanyiwa marekebisho kabla ya bei hiyo kuihusu.

3.2 Duru za mnada

Mnada huendeshwa kwa duru fupi za sekunde 30. Msimamizi hufungua duru ya kwanza kwa kutangaza bei ya kuanzia, inayotokana na bei zilizopo sokoni wakati huo. Washiriki wa moja kwa moja, ambao ni benki na makampuni ya biashara ya madini yaliyoidhinishwa, huingiza kiasi wanachotaka kununua au kuuza kwa bei hiyo, kwa niaba yao wenyewe au ya wateja wao. Duru inapofungwa, mfumo hujumlisha oda zote na kupima pengo kati ya ununuzi na uuzaji.

Pengo likizidi kikomo kilichowekwa, ambacho kwa kawaida ni wakia 10,000, bei haipangwi. Wauzaji wakizidi, bei hushushwa. Wanunuzi wakizidi, hupandishwa. Kisha duru mpya huanza. Pengo likiwa ndani ya kikomo, mnada humalizika na bei ya duru hiyo huwa bei rejea.

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini hesabu yake inafuata kanuni hizo. Duru ya kwanza inafunguliwa kwa dola 2,000.00. Oda za kununua zinafika wakia 62,000 na za kuuza wakia 95,000. Pengo ni wakia 33,000 upande wa wauzaji, hivyo bei inashushwa hadi dola 1,998.50. Katika duru ya pili, baadhi ya wanunuzi wanavutiwa na bei ya chini, nao baadhi ya wauzaji wanajiondoa: ununuzi unafika wakia 70,000 na uuzaji unashuka hadi 84,000. Pengo la wakia 14,000 bado ni kubwa. Bei inashushwa tena hadi dola 1,997.75, ununuzi unakuwa wakia 76,000 na uuzaji 82,000. Pengo la wakia 6,000 liko ndani ya kikomo, na dola 1,997.75 inatangazwa.

Swali linalobaki ni nani atakayezinunua wakia 6,000 zilizokosa mnunuzi. Kanuni ni kwamba pengo linalobaki hugawanywa sawa kwa washiriki wote wa moja kwa moja, wakiwemo wale ambao hawakuingiza oda yoyote. Wakiwa 12, kila mmoja ananunua wakia 500 kwa bei iliyopangwa. Kwa njia hiyo kila oda iliyokuwamo katika duru ya mwisho hutekelezwa yote, na kwa bei ile ile. Kanuni hii huweza kuonekana kuwa jambo dogo la kiutawala, lakini ndiyo inayobeba hadhi ya bei nzima. Bila hiyo, bei iliyotangazwa ingekuwa makadirio tu ya mahali ambapo biashara ingeweza kufanyika. Kwa kuwapo kwake, bei ni kumbukumbu ya biashara iliyokwisha kufanyika.

Bei hupangwa kwa dola. Bei zinazotangazwa kwa pauni, kwa yuro na kwa sarafu nyingine ni matokeo ya kubadilisha bei ya dola kwa viwango vya fedha vya wakati huo. Hazipigwi mnada wa peke yake.

4.0 Sababu za Mikataba Kurejelea Bei ya Mnada

Sababu ya kwanza ni ile iliyogusiwa katika utangulizi: bei hutoka nje ya pande mbili za mkataba. Mchimbaji na kiwanda cha kusafisha dhahabu hawahitaji kuaminiana kuhusu bei. Wanahitaji tu kukubaliana ni tangazo lipi litakalowafunga. Aidha, kwa kuwa bei hutangazwa na kuhifadhiwa pamoja na kiasi kilichonunuliwa na kuuzwa katika kila duru, mkaguzi wa hesabu au ofisa wa kodi anaweza kuithibitisha miaka kadhaa baadaye bila kutegemea nyaraka za wahusika.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kwamba bei ya mnada inaweza kutekelezwa. Kiwanda kinachoahidi kumlipa mchimbaji kwa bei ya alasiri ya Jumanne kinajiweka katika hatari, kwa kuwa hakijui bei hiyo itakuwa ngapi. Hata hivyo, kinaweza kuiagiza benki yake iuze kiasi hicho hicho cha wakia katika mnada wa alasiri ya Jumanne. Kitakacholipwa kwa mchimbaji na kitakachopokewa kutoka sokoni vitalingana, na faida ya kiwanda itabaki kuwa ada yake ya kusafisha. Bei ya wastani wa siku, au bei ya kufunga iliyotolewa na chombo cha habari, haiwezi kutumika hivyo kwa urahisi, kwa sababu hakuna mahali ambapo kiwanda kinaweza kuuza dhahabu yote kwa namba hiyo hasa.

Sababu ya tatu ni kwamba mnada hukusanya oda nyingi kwa wakati mmoja. Oda kubwa inayoingizwa sokoni katika saa tulivu huweza kuisukuma bei dhidi ya mwenye oda. Katika mnada, oda hiyo hukutana na oda za upande wa pili zilizosubiri wakati huo huo, na wote hupata bei moja bila kulipa tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza.

Kuhusu uchaguzi kati ya asubuhi na alasiri, mikataba mingi hupendelea ya alasiri. Saa 9:00 alasiri ya London, kwa sehemu kubwa ya mwaka, ni saa 4:00 asubuhi jijini New York, hivyo masoko mawili makubwa huwa wazi kwa pamoja. Hilo halina maana kwamba bei ya asubuhi ni dhaifu. Mhusika anayehitaji kujua bei mapema ili akamilishe malipo ndani ya siku hiyo hiyo anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuichagua. Jambo la msingi ni kuchagua moja na kuitaja.

5.0 Mfano: Mzigo wa Dhahabu kutoka Kanda ya Ziwa

Ili kuona kinachotegemea uchaguzi huo, ichukuliwe kampuni ya kubuni inayochimba dhahabu mkoani Geita. Kampuni inayeyusha dhahabu yake kuwa mikuo ghafi yenye jumla ya kilo 20, na vipimo vya mgodini vinaonyesha kuwa dhahabu ni asilimia 85. Kilo 20 ni sawa na wakia 643.015. Dhahabu halisi iliyomo ni wakia 546.563. Mkataba unasema kiwanda kitalipa asilimia 99.9 ya dhahabu hiyo, kwa kuwa kiasi kidogo hupotea katika usafishaji. Wakia za kulipiwa ni 546.016.

Ichukuliwe sasa kwamba siku ya bei, mnada wa asubuhi unapanga dola 2,000.00 na wa alasiri dola 1,985.00. Kwa bei ya asubuhi, mzigo una thamani ya dola 1,092,032. Kwa bei ya alasiri, una thamani ya dola 1,083,842. Tofauti ni takriban dola 8,190, kabla ya kukata ada za usafishaji na usafirishaji.

Tofauti hiyo ilinganishwe na jambo ambalo pande zote hulilinda kwa makini, yaani kipimo cha usafi. Kiwanda kikipima na kupata asilimia 84.6 badala ya 85, wakia za kulipiwa zinapungua kwa 2.57, ambazo kwa bei ya alasiri ni takriban dola 5,100. Kwa ajili ya fedha hizo mikataba huweka utaratibu mrefu: sampuli huchukuliwa mbele ya mashahidi, hugawanywa mara tatu, na fungu moja hutunzwa kwa ajili ya maabara ya usuluhishi. Lakini mkataba huo huo unaposema tu kwamba malipo yatakuwa kwa “bei ya London ya siku hiyo”, umeacha wazi tofauti iliyo kubwa zaidi kuliko ile inayolindwa na maabara tatu.

Si fedha za kampuni pekee zinazoguswa. Kwa mujibu wa marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, mrabaha wa dhahabu uliwekwa kuwa asilimia 6 ya thamani ghafi, na kuna ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Kwa viwango hivyo, tofauti ya dola 8,190 katika thamani ni tofauti ya zaidi ya dola 570 kwa Serikali katika mzigo mmoja. Kampuni inayomlipa mrabaha kwa bei moja na kulipwa na kiwanda kwa bei nyingine huacha pengo katika vitabu vyake ambalo mkaguzi ataliona, hata kama hakuna aliyekusudia udanganyifu.

Mfano huu unaonyesha pia umuhimu wa siku ya bei. Mikuo huchukua siku kadhaa kufika kiwandani, na siku nyingine hupita kabla vipimo havijakamilika. Mkataba unaweza kuchagua siku ya kupokelewa kwa mzigo, siku ya kukamilika kwa vipimo, au siku itakayoteuliwa na muuzaji. Chaguo la tatu linahitaji tahadhari. Muuzaji akiruhusiwa kuteua bei baada ya kutangazwa, atasubiri na kuchukua iliyo juu, naye mnunuzi hataweza kujikinga kwa sababu mnada wa siku hiyo umeshapita. Kwa hiyo taarifa ya uteuzi hutakiwa kumfikia mnunuzi kabla mnada haujaanza, na mkataba hutaja saa ya mwisho ya kuipokea.

Hapo tofauti ya saa huleta kosa linalojirudia. Uingereza hubadilisha saa zake mara mbili kwa mwaka, Tanzania haibadilishi. Majira ya baridi ya Uingereza, mnada wa alasiri huanza saa 12:00 jioni kwa saa za Tanzania. Majira yake ya kiangazi huanza saa 11:00 jioni. Ofisi iliyozoea kutuma taarifa saa 11:30 jioni mwezi Februari itakuwa imechelewa kwa nusu saa ikifanya vivyo hivyo mwezi Mei. Njia salama ni mkataba kutaja saa za London, kisha mhusika afanye ubadilishaji mwenyewe.

6.0 Pale Bei Rejea Inapokuwa Shabaha

Tukio la tarehe 28 Juni 2012 linaonyesha upande wa pili wa nguvu ya bei rejea. Benki ya Barclays, iliyokuwa mshiriki wa upangaji bei wakati huo, ilikuwa imemuuzia mteja mkataba wa chaguo. Mkataba ulisema kwamba bei ya alasiri ya siku hiyo ikizidi dola 1,558.96, benki itamlipa mteja dola milioni 3.9, isipozidi, haitamlipa kiasi hicho. Mfanyabiashara wa benki aliyesimamia mkataba huo ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuingiza oda za benki katika kikao cha kupanga bei.

Kikao kilipoendelea na bei kuelekea kwenye kizingiti, mfanyabiashara huyo aliingiza oda kubwa za kuuza kwa lengo la kuizuia isipande. Bei ilipangwa kuwa dola 1,558.50, yaani senti 46 chini ya kizingiti. Mteja alitilia shaka na kuomba maelezo. Mamlaka ya kusimamia masoko ya fedha ya Uingereza, FCA, ilichunguza jambo hilo, na Mei 2014 ikaitoza benki faini ya takriban pauni milioni 26 kwa kushindwa kusimamia ipasavyo migongano ya masilahi katika upangaji wa bei. Mfanyabiashara alitozwa faini na kupigwa marufuku katika kazi hiyo, na mteja alilipwa fidia.

Somo la tukio hili halipo katika ukubwa wa bei iliyosogezwa, ambao ulikuwa mdogo sana, bali katika umbo la mkataba. Mkataba unaobadilisha dola milioni 3.9 kwa senti chache humpa mtu mmoja sababu kubwa ya kuisukuma bei kwa muda wa dakika chache. Mkataba wa mchimbaji na kiwanda hauko hivyo, kwa kuwa malipo hubadilika hatua kwa hatua pamoja na bei. Wahusika wanaoogopa siku moja yenye bei isiyo ya kawaida huweza kuipunguza hatari hiyo kwa kutumia wastani wa bei za alasiri za siku kadhaa, kwa kuwa anayetaka kupotosha wastani hulazimika kupotosha minada mingi.

Utaratibu wa sasa umeziba baadhi ya mianya. Oda hupita katika mfumo unaotunza kumbukumbu, jumla za kila duru huonekana bila majina ya washiriki, na tangu Aprili 2015 bei hii ni miongoni mwa bei rejea zinazodhibitiwa kisheria nchini Uingereza. Anayetilia shaka bei ya siku fulani anaweza kufanya mambo mawili: kuilinganisha na bei za soko dakika chache kabla na baada ya mnada, na kutazama jumla za kila duru. Bei iliyoachana na soko na kurejea mara tu baada ya mnada, hasa pale oda za upande mmoja zilipoongezeka ghafla katika duru ya mwisho, hustahili maswali. Si uthibitisho wa hila, kwani oda kubwa halali huweza kuacha alama kama hiyo.

7.0 Mambo ambayo Mkataba Hauna Budi Kuyataja

Kutokana na maelezo hayo, kifungu cha bei kinachojitosheleza hutaja bei kwa jina lake kamili, kwa mfano LBMA Gold Price PM, sarafu yake, na siku ya bei. Pia hueleza kitakachofanyika siku ambayo hakuna mnada. Hali hiyo si ya nadra: minada haifanyiki katika sikukuu za Uingereza, na tarehe 24 na 31 Desemba kuna mnada wa asubuhi pekee. Kampuni ambayo mkataba wake unataka bei ya alasiri ya siku ya mwisho ya mwaka itakuta namba hiyo haipo, na isipokuwa mkataba umetaja mbadala, kila upande utachagua inayoufaa.

Vilevile, kifungu hutaja mrithi wa bei. Mwaka 2015, mikataba ya muda mrefu iliyorejelea utaratibu wa zamani pekee ilijikuta ikitaja kitu kilichokwisha kukoma. Maneno machache yanayosema kwamba bei itakayochukua nafasi ya hiyo ndiyo itakayotumika huondoa mgogoro wa aina hiyo.

8.0 Hitimisho

Bei ya mnada wa London hurejelewa na mikataba kwa sababu oda zote zilizoingia katika duru ya mwisho hutekelezwa kwa bei hiyo, na kwa sababu anayefungwa nayo anaweza kuitumia kujikinga. Haielezi thamani ya dhahabu kwa siku nzima, wala thamani ya mkuo ghafi ulioko Geita; inaeleza bei ambayo kiasi fulani cha dhahabu halisi kilibadilishana mikono London katika dakika chache zinazojulikana. Katika mfano wa kilo 20, dola 8,190 zilitegemea kama mkataba ulitaja asubuhi au alasiri, na hakuna kipimo cha maabara ambacho kingeweza kuamua swali hilo baada ya mzigo kufika.